Bando la Wiki Linaishia Alhamisi: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya naulizwa karibu kila siku na majirani, ndugu na watu wanaoniletea simu zao niziangalie. Majina ya vitufe nimeyaacha kama yanavyosomeka kwenye simu iliyowekwa lugha ya Kiingereza, maana wengi wetu tumeziacha hivyo hivyo tangu dukani. Simu zinatofautiana mpangilio. Usipokiona kitufe nilipokitaja, fungua Settings, gusa alama ya kutafuta iliyo juu, kisha andika jina lake.

## Nilijiunga GB 5 za wiki, siku ya nne zimekwisha. Mtandao umeniibia?

Huwezi kujua mpaka upime. Simu yako ina kihesabio chake, hakitegemei cha kampuni ya simu, na hicho ndicho shahidi wako. Kama simu inasema umetumia GB 4.8 na mtandao unasema GB 5, hakuna wizi hapo. Kila upande unahesabu kivyake, na Android yenyewe inakuonya kwamba hesabu yake inaweza kutofautiana na ya mtandao. Lakini simu ikisema GB 3 nawe umeambiwa tano zimekwisha, piga picha ya kioo uwapigie huduma kwa wateja. Ukiwa na tarakimu mkononi unasikilizwa tofauti na mtu anayesema tu "bando langu limeliwa".

Kabla hujapiga, soma tena ujumbe uliotumiwa siku ya kujiunga. Vifurushi vingi vinaandikwa kwa jumla kubwa, lakini ndani yake vimegawanywa: sehemu ya kutumia saa zote, sehemu ya usiku, pengine sehemu ya mitandao ya kijamii tu. Nimewaona watu kadhaa wakilalamika kuhusu GB zilizopotea, na tukifungua ujumbe tunakuta GB 2 kati ya hizo ni za kuanzia saa 6 usiku. Hazijaibiwa, zimelala zikisubiri muda wake.

Angalia pia laini. Kama simu yako ina laini mbili, kila moja inahesabiwa peke yake. Mtu anajiunga kwenye laini ya kwanza huku data imewekwa kutoka laini ya pili, halafu salio la vocha linakatwa bila yeye kuelewa.

## Napimaje matumizi ya bando la wiki, wakati simu inahesabu kwa mwezi?

Kwenye Android fungua Settings, ingia Network & internet, kisha SIMs, chagua laini yenye data, halafu App data usage. Kwa Samsung ni Connections, kisha Data usage, kisha Mobile data usage. Utaona jumla juu, na chini yake orodha ya programu, iliyokula zaidi ikiwa ya kwanza.

Kweli, simu inahesabu kwa mzunguko wa mwezi, na bando lako halijui mwezi. Dawa yake ni kutoa. Siku unayojiunga soma jumla na uiandike, hata kwa kujitumia ujumbe. Tuseme Jumatatu asubuhi inasoma GB 11.2, na Jumatano jioni GB 13.6. Umetumia GB 2.4 kwa siku tatu, yaani karibu GB 0.8 kwa siku. Kwa mwendo huo GB 5 zitakufikisha Jumapili asubuhi. Hapo umeshajua, siku nne kabla, kwamba Jumapili mchana utabaki mikono mitupu.

iPhone ina jambo lake. Kwenye Settings, sehemu ya Cellular au Mobile Data, kuna Current Period, lakini "kipindi" hicho hakijifuti chenyewe mwezi ukiisha. Kinaendelea kujumlisha tangu mara ya mwisho ulipokifuta, na kwa watu wengi ni tangu siku waliponunua simu. Shuka mpaka chini kabisa, gusa Reset Statistics kila unapojiunga bando jipya, na hesabu itakwenda sambamba na bando.

## Naangaliaje salio la bando bila kutumia data?

Tumia menyu ya vifurushi ya mtandao wako. Haihitaji intaneti kabisa. Kwa Tanzania, Vodacom ni `*149*01#`, Airtel `*149*99#`, Yas, iliyokuwa Tigo, `*147*00#`, na Halotel `*148*66#`. Kwa Safaricom ya Kenya ni `*544#`. Ndani ya menyu tafuta sehemu ya kuangalia salio.

Wakati huohuo usizipuuze meseji za taarifa. Kanuni za vifurushi za TCRA, mamlaka ya mawasiliano ya Tanzania, zilizoanza Aprili 2021 zinaitaka kampuni ya simu ikujulishe matumizi yanapofika asilimia 75 na yanapofika 100. Ile ya asilimia 75 ndiyo yenye faida, kwa sababu inafika ukiwa bado na cha kuokoa. Ikija siku ya pili ya bando la wiki, usingoje: fungua orodha ya programu siku hiyohiyo.

## Nikizifuta programu kwa kuzitelezesha pembeni, si zinaacha kula bando?

Hapana, na hili limeshika mizizi kwa watu wengi mno. Ukizitelezesha umeziondoa kwenye orodha ya ulizofungua karibuni. Nyingi zinaamka tena zenyewe ujumbe ukiingia au muda wa kusasisha ukifika. Tena ukizifungua upya baada ya dakika kumi, baadhi zinapakua upya ukurasa wa mwanzo na picha zake, kwa hiyo unaweza kuwa umeongeza matumizi.

Kinachosaidia ni kujua data imekwenda lini: ukiwa unaitazama programu, au ikiwa nyuma ya pazia. Kwenye ile orodha ya App data usage, gusa programu moja. Utaona tarakimu mbili, Foreground na Background. Ya kwanza ni data iliyotumika programu ikiwa mbele ya macho yako, ya pili ni iliyotumika simu ikiwa mfukoni.

Tarakimu hizo zinaamua dawa. Programu ya video fupi ikionyesha GB 0.9 mbele na MB 20 nyuma, kuizuia nyuma hakutakusaidia lolote. Hapo matumizi ni ya macho na kidole chako. Lakini programu ya kuhifadhi picha ikionyesha MB 5 mbele na MB 600 nyuma, hiyo ndiyo ya kufungia. Watu huzima kila kitu kwa hasira, wanaishia kukosa meseji za kazini, na bando bado linaisha Alhamisi kwa sababu waliizuia programu isiyo na hatia.

## Nazuiaje programu za nyuma bila kukosa meseji na simu za WhatsApp?

Kuna njia mbili. Ya kwanza ni programu mojamoja: bonyeza alama yake kwa muda, gusa App info, kisha Mobile data & Wi-Fi, uzime Background data. Itumie kwa ile uliyoikamata kwa tarakimu. Usiifanyie WhatsApp, maana meseji zitachelewa mpaka uifungue na simu za WhatsApp zinaweza zisilie kabisa.

Ya pili ni kufunga mlango wote na kuacha dirisha dogo. Washa Data Saver, iliyomo kwenye Network & internet. Programu zote zitazuiwa kutumia data ya laini zikiwa nyuma. Kisha ingia Unrestricted data hapohapo, uwashe chache tu ambazo ni lazima zikufikie: WhatsApp, barua pepe ya kazi, programu ya benki. Mimi napendelea njia hii, kwa sababu programu yoyote mpya utakayoweka kesho inaanza ikiwa imefungiwa tayari.

Ukiwasha Data Saver halafu hotspoti ikakataa kuwaka, simu haijaharibika. Kwenye simu nyingi za Android viwili hivyo havikai pamoja. Zima Data Saver, washa hotspoti, na ukimaliza rudisha ulivyokuta.

Kwa iPhone, ingia General, kisha Background App Refresh, uchague Wi-Fi peke yake. Halafu kwenye mipangilio ya data ya laini washa Low Data Mode. Shuka pia mpaka Wi-Fi Assist uizime: hiyo inahamia kwenye data ya laini kimyakimya pale waifai inapokuwa dhaifu, nawe unaamini bado uko kwenye waifai ya ofisini.

## Magrupu ya WhatsApp yananimaliza. Nifanyeje bila kujitoa?

WhatsApp, Settings, Storage and data. Kwenye When using mobile data ondoa tiki zote: picha, sauti, video na nyaraka. Kuanzia hapo video ya shughuli ya ukoo haiji mpaka uiguse. Hapohapo washa Use less data for calls.

Kisha kagua nakala za mazungumzo: Chats, Chat backup. Hakikisha haijaruhusiwa kutumia data ya laini, hasa kama nakala inajumuisha video.

## Na video?

Kwenye video ubora wa picha ndio unaoamua. Netflix wenyewe wanaandika kwamba kiwango cha chini kinatumia karibu GB 0.3 kwa saa, cha kati karibu GB 0.7, na cha HD hadi GB 3. Filamu ni ileile. Kwenye kioo cha simu cha inchi sita, tofauti ya kiwango cha chini na cha kati utaiona kidogo, lakini bando litaiona sana. YouTube ina Data saving kwenye mipangilio yake, TikTok ina Data Saver.

## Nikimwashia mtu hotspoti nusu saa, mbona GB zinayeyuka?

Hapa ndipo penye siri, na ningeweza kueleza jambo moja tu katika ukurasa huu ningechagua hili.

Kifaa kinachojiunga na hotspoti yako hakioni bando. Kinaona waifai. Na kila kifaa kimefundishwa kwamba waifai ni mahali pa kufanyia kazi nzito: kupakua masasisho, kupandisha picha zote, kuhifadhi nakala. Zile tahadhari zote za "waifai tu" ambazo mwenye kifaa aliziweka ili kulinda bando lake zinafunguka kwa pamoja, kwenye bando lako. Yeye anasoma barua pepe moja. Kifaa chake kinalipa madeni ya wiki tatu.

Mpwa wangu anasoma chuo Morogoro. Alinipigia Alhamisi moja jioni: "Mjomba, GB 5 nilizojiunga Jumatatu zimekwisha, na sijaangalia hata filamu moja." Alikuja nyumbani wikiendi tukakaa na simu yake. Bahati nzuri Jumatatu ile ilikuwa tarehe 1, kwa hiyo mzunguko wa simu na bando vilianza siku moja, na data ilikuwa imekata tangu Alhamisi. Orodha ilisoma hivi: video fupi GB 0.9, WhatsApp GB 0.6, vinginevyo vyote GB 0.4. Na juu kabisa, kwenye mstari wa hotspoti, GB 3.1.

"Lakini nilikuwa naandika ripoti tu," akasema. Na kweli. Alikuwa amenunua laptopu ya mtumba wiki ileile, akaiunganisha na simu kila jioni. Tukafungua matumizi ya data ya laptopu, tukachagua jina la hotspoti yake. Kivinjari, ambacho ndicho alichofanyia kazi, kilikuwa na GB 0.5. Hifadhi ya picha ya mtandaoni, ambayo hakujua kama imewashwa, GB 0.7. Na mstari ulioandikwa System, GB 1.9: masasisho ya mfumo yaliyorundikana wakati mashine imekaa dukani bila intaneti.

Kwa hiyo katika GB 3.1, yeye alitumia nusu GB. Nyingine zote zilitumiwa na mashine iliyoamini kwamba imefika kwenye waifai ya bure.

## Naiambiaje laptopu kwamba hii si waifai ya bure?

Kwenye Windows, unganisha kwanza na hotspoti. Kisha fungua Settings, Network & internet, Wi-Fi, ingia kwenye Properties za mtandao huo, uwashe Metered connection. Masasisho mengi yatasimama yakisubiri mtandao mwingine, ingawa machache ya lazima yanaweza kupita. Windows inaikumbuka hotspoti hiyo kwa jina lake, kwa hiyo ukibadilisha jina la hotspoti, laptopu itaiona kama mtandao mgeni na itabidi uwashe upya.

Halafu gusa alama ya OneDrive au hifadhi nyingine ya mtandaoni uliyonayo, usimamishe upakiaji mpaka utakapofika kwenye waifai ya kweli.

Kuona nani anakula, Windows 11 ina Data usage ndani ya Advanced network settings; Windows 10 inayo moja kwa moja ndani ya Network & internet. Juu kuna mahali pa kuchagua mtandao. Chagua jina la hotspoti, vinginevyo utachanganya na waifai ya chuo.

Masasisho hayo yasiahirishwe milele, mengi yanaziba matundu ya usalama. Kama bando lako lina GB za usiku unazoziacha zife kila wiki, hizo ndizo za kazi hii. Zima Metered connection saa hizo, acha mashine ipakue, asubuhi washa tena.

## Na kama aliyejiunga ni mwenye simu, si laptopu?

Simu ya Android ikijiunga kwenye hotspoti ya Android mwenzake mara nyingi inatambua yenyewe kwamba mtandao huu una kipimo, na inajizuia. Usiliwekee uhakika. Mwambie mgeni wako afungue maelezo ya mtandao huo wa waifai, aguse Network usage, achague Treat as metered. Mwenye iPhone aguse alama ya i pembeni ya jina la hotspoti, awashe Low Data Mode.

Ukiona aibu kumwambia mgeni hayo, weka kikomo upande wako.

## Naweza kuweka kikomo ili bando lisiishe lote?

Ndiyo. Kwenye mipangilio ya matumizi ya data ya Android kuna Data warning na Data limit. Ya kwanza inakuonya tu, ya pili inakata data ya laini kabisa ikifika tarakimu uliyoweka. Hotspoti inahesabiwa humohumo, kwa hiyo data ikikatwa na wageni wanakatikiwa.

Kikomo nacho kinafuata mzunguko wa mwezi wa simu. Kama jumla inasoma GB 11.2 unapojiunga GB 5, weka onyo kwenye 14 na kikomo kwenye 16. Nimeacha kidogo, karibu MB 200, kwa ajili ya tofauti ya hesabu kati ya simu na mtandao, na ili kikomo kifunge kabla vocha haijaanza kukatwa. Ukisahau kukisogeza wiki inayofuata, utajiunga bando jipya na data itagoma kuwaka. Watu wameshabadilisha laini kwa sababu hiyo, kumbe kikomo cha wiki iliyopita bado kimefunga.

Baadhi ya simu zina kikomo cha hotspoti peke yake, ndani ya mipangilio ya hotspoti. Kikiwepo kwenye yako, kitumie: MB 300 kwa mgeni anayetaka kutuma barua pepe zinatosha kabisa.

## Nitajuaje kama kuna mtu amejipenyeza kwenye hotspoti yangu?

Ukurasa wa hotspoti unaonyesha vifaa vilivyounganishwa. Ukiona viwili nawe ulimpa mmoja, badilisha nenosiri mara moja, wote watatoka. Kumbuka aliyewahi kupewa nenosiri simu yake inalikumbuka; jirani wa hosteli uliyemsaidia mwezi jana anaunganishwa tena bila yeye mwenyewe kujua, kila unapowasha. Washa pia Turn off hotspot automatically, inayoizima ikikaa bila mtu.

Kama kifaa ni laptopu yako mwenyewe, tumia waya wa USB na USB tethering. Hakuna anayeweza kujipenyeza, na simu inapata chaji. Lakini bado laptopu inahitaji kuambiwa kwamba mtandao una kipimo. Waya unaonekana upande wa Ethernet kwenye mipangilio yake, na kitufe cha Metered connection kiko huko.

## Si bora nimhamishie MB kuliko kumwashia hotspoti?

Kwa mtu mwenye laini ya mtandao uleule, mara nyingi ndiyo. Menyu ya vifurushi huwa na sehemu ya kumnunulia au kumhamishia mwingine. Ukimpa MB 500 umempa MB 500, na kwenye simu yake zinatumika kama data ya laini, kwa hiyo tahadhari zake za "waifai tu" zinabaki zimefungwa. Hotspoti naiweka kwa ajili ya laptopu, na kwa mwenye laini ya mtandao mwingine.

Mpwa wangu alifanya mawili tu: Metered connection kwenye laptopu, na kuondoa tiki za WhatsApp. Wiki iliyofuata alijiunga tena GB 5 Jumatatu. Jumapili usiku alinitumia picha ya kioo, nasi tukatoa tarakimu za wiki ya kwanza: hotspoti GB 0.6, video fupi GB 1.3, WhatsApp GB 0.7, vinginevyo GB 0.6. Zilibaki GB 1.8, na ripoti alikuwa ameshaikabidhi.